Swali la Tatu: Namna ya Kumjibu Mkulima Aliyeuliza kwa Dhana Isiyo Sahihi

Afisa ugani hupokea maswali kwa mafungu. Mkulima hapigi simu kwa kila jambo; huyaacha yajae, kisha huyaandika yote kwa pamoja na kuyatuma. Chukua orodha ya namna hii, ambayo mama mkulima wa Kondoa angeweza kukuletea baada ya mavuno. Kwanza, atajuaje kwamba mahindi yamekauka vya kutosha kuingia kwenye gunia? Pili, achanganye majivu kiasi gani ili fukusi wasiyamalize? Tatu, yale magunia mawili yaliyonyeshewa na kuota ukungu, ayachemshe kwa muda gani ili sumu itoke? Nne, ile mifuko mipya isiyopitisha hewa hufungwaje, na je, anaweza kuifungua kila wiki achote ya kula? Tano, pumba za yale mahindi yaliyoota ukungu awape kuku na ng'ombe wa maziwa kiasi gani? Kwa mtazamo wa kwanza, maswali manne kati ya haya yanajibika kama yalivyo, au karibu hivyo. La tatu halijibiki. Haliulizi kama kuchemsha kunaondoa sumu. Hilo limekwisha kuchukuliwa kuwa kweli, na kilichobaki kuulizwa ni saa ngapi. Mwongozo huu unahusu swali hilo moja, na namna ya kulishughulikia bila kuyaharibu mengine manne.

Anza kwa kuwa na hakika ya jambo lenyewe. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu, hasa ile ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus, inayoishi kwenye udongo na kuingia katika mahindi na karanga shambani au ghalani. Kuvu yenyewe ni kiumbe, na moto wa jikoni huiua. Sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje si kiumbe. Ili ivunjike ipasavyo inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, wakati maji ya sufuria hayapiti nyuzi 100, na katika nchi ya mwinuko kama Kondoa huchemka hata kabla ya kufika hapo. Ushahidi mkubwa zaidi hautoki maabara. Mwaka 2004, katika Ukambani nchini Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 walipatwa na sumu hii na 125 wakafa. Mwaka 2016 maafa kama hayo yalitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Watu hao hawakutafuna mahindi mabichi. Walikula ugali, uji na mahindi yaliyochemshwa, yaani chakula kilichokwisha kupita motoni. Kwa hiyo unapomwambia mama huyu kwamba kuchemsha hakutamwokoa, humpi maoni ya kitabuni. Unamwambia jambo lililokwisha kutokea katika wilaya anayoishi na za jirani.

Sasa fikiria utakavyojaribiwa. Orodha ni ndefu, una wakulima wengine wanaosubiri, na swali lenyewe limekaa kana kwamba linataka tarakimu tu. Ni rahisi mno kuandika "chemsha sana, angalau saa mbili" na kupita, ukidhani kwamba hata kama hakusaidii, hakudhuru. Utafiti wa akili za watu unaonyesha kwa nini mtego huu huwanasa hata wenye ujuzi. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Erickson na Mattson, waliwauliza watu Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina. Wengi wakajibu wawili, ilhali walijua vizuri kabisa kwamba mwenye safina ni Nuhu. Ujuzi ulikuwepo, swali liliuelekeza kwenye idadi, na jina likapita bila kukaguliwa. Ndivyo bwana shamba anayefahamu sumukuvu kwa kina anavyoweza kujikuta anataja saa za kuchemsha. Dawa yake ni tabia ya kusoma orodha yote mara mbili kabla ya kujibu chochote: mara ya kwanza ujue mkulima anataka nini, mara ya pili ujiulize, kwa kila swali, ni jambo gani lazima liwe kweli ili swali hilo liwe na maana. Kwa swali la kwanza, lazima iwe kweli kwamba ukavu unapimika nyumbani. Ni kweli. Kwa la tatu, lazima iwe kweli kwamba kuna muda wa kuchemsha unaoondoa sumu. Hapo kalamu isimame.

Hasara ya kujibu dhana kana kwamba ni kweli haiishii kwenye jibu moja. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus aliwaonyesha watu filamu fupi ya gari likipita barabarani, kisha akawauliza baadhi yao gari lilikuwa na mwendo gani lilipopita ghala. Katika filamu hapakuwa na ghala lolote. Wiki moja baadaye, zaidi ya asilimia 17 ya walioulizwa hivyo walisema waliliona ghala hilo; kati ya walioulizwa bila kutajiwa ghala, hawakufika asilimia 3. Swali peke yake, bila mtu kudai lolote, lilipanda jambo lisilokuwepo. Katika orodha yetu swali limetoka kwa mkulima mwenyewe, kwa hiyo mbegu tayari iko kwake. Ukilijibu kwa tarakimu, wewe mtaalamu unaipalilia. Kesho atamwambia jirani kwamba bwana shamba amesema saa mbili, na maneno hayo yatasafiri kijiji kizima yakiwa na jina lako.

Kuna njia nyingine ya kukwepa ambayo inaonekana ya adabu zaidi, nayo ni kuliruka swali. Unajibu la kwanza, la pili, la nne na la tano kwa ukarimu, na la tatu unaliacha au unalifunika kwa sentensi ya jumla kuhusu usalama wa chakula. Mwenye njaa na magunia mawili hawezi kusoma ukimya huo kama katazo. Atadhani umesahau, au jambo si zito, na sufuria itabandikwa. Kinyume chake ni kosa la wenye bidii: kuona kosa katika swali la tatu na kugeuza jibu lote kuwa somo la sumukuvu, kurasa mbili za kuvu na ini, huku maswali mengine manne yakiambulia mstari mmoja kila moja. Mkulima aliyeuliza mambo matano akarudishiwa karipio moja hatauliza tena. Dai la mwongozo huu ni kwamba kurekebisha na kusaidia ni kazi moja: rekebisho linakubalika kwa sababu limekaa katikati ya majibu yanayofaa, na majibu hayo yanabaki salama kwa sababu rekebisho limefanywa.

Kabla ya kurekebisha lolote, tenganisha dhana isiyo ya kweli na dhana ambayo haipendwi na wataalamu tu. Swali la pili, la majivu, ndilo kipimo chako. Maafisa wengi wakiliona hukimbilia kusema majivu ni mambo ya kizamani, nunua dawa ya unga. Lakini majivu makavu yaliyochekechwa huwasumbua wadudu kweli: hukwaruza miili yao, huwakausha, na hujaza nafasi kati ya punje wasipite kwa urahisi. Udhaifu wake unajulikana. Yanahitajika mengi, si konzi moja kwa gunia. Hayamzuii dumuzi vizuri kama yanavyomzuia fukusi wa kawaida. Na hayagusi kuvu kabisa. Huo ni ukomo wa njia, si uongo wa swali. Kwa hiyo la pili lijibu kama lilivyoulizwa, taja ukomo wake, na mweleze kwamba akitumia mifuko isiyopitisha hewa hatahitaji majivu wala dawa. Ukisahihisha kila kitu, rekebisho la swali la tatu litapoteza uzito wake. Litaonekana ni moja tu kati ya mengi ambayo mtaalamu hakuyapenda.

Baada ya hapo, amua mahali pa kuliweka. Kawaida fuata namba za mkulima mwenyewe, kwa maana atasoma jibu akiwa ameshika karatasi yake, na kuvuruga mpangilio humchosha. Lakini hapa kuna hatari inayoweza kutokea leo jioni. Magunia yapo ndani na watoto wanasubiri kula. Katika hali hiyo tumia sentensi moja mwanzoni inayozuia kitendo, kisha urudi kwenye mpangilio wake. Salamu kwanza, kama inavyompasa mtu wa umri wake, halafu: "Shikamoo mama. Maswali yako yote matano nimeyapata na nimeyajibu hapa chini kwa namba zako. Ila nakuomba yale mahindi yenye ukungu yasipikwe kwanza, hata ya kuchemsha sana, mpaka usome jibu la tatu." Sentensi hiyo haibishani wala haielezi sababu. Inanunua muda tu. Kama dhana isiyo sahihi ingehusu jambo lisilo na madhara ya haraka, mfano anadhani kuvu husababishwa na mwezi mpevu, isingehitaji kutangulizwa. Ingesubiri zamu yake.

Jibu la tatu lenyewe liwe na sehemu tatu, na mpangilio wake una sababu. Tangulia na lililo kweli katika wazo lake. Mama huyu hakuota ndoto. Amejifunza, tena kutoka kwa wahudumu wa afya wenyewe, kwamba maji yakichemshwa huwa salama. Amechukua kanuni sahihi na kuipeleka mahali isipofanya kazi. Ukilitambua hilo, rekebisho halimfanyi mjinga mbele ya wanawe wanaomsomea ujumbe. Pili, sema wazi kwamba haifanyi kazi, na kwa nini, kwa maneno atakayoweza kuyarudia kwa jirani. Tatu, mpe cha kufanya badala yake. Kwa mfano hivi: "Umefanya vyema kuuliza kabla ya kupika. Ni kweli moto huua ukungu wenyewe, kama unavyoua vijidudu vya kwenye maji. Lakini ukungu ukikaa kwenye punje huacha sumu ndani yake, na sumu hiyo haina uhai wa kuuawa. Ni kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi: uchemshe mpaka usiku, chumvi inabaki. Kwa hiyo hakuna muda wa kuchemsha ninaoweza kukutajia, hata siku nzima. Kinachopunguza sumu ni kuchambua na kukoboa, nami nakueleza namna." Angalia kwamba sentensi ya "hakuna muda ninaoweza kukutajia" inalijibu swali lake kwa maneno yake mwenyewe. Bila hiyo, angeweza kusoma maelezo yote ya sumu, akayakubali, na bado akabaki anangoja saa.

Sehemu ya tatu ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayoamua kama rekebisho litashika. Mwaka 1994 watafiti Johnson na Seifert waliwapa watu taarifa za moto ulioteketeza ghala la bidhaa. Mwanzoni wakaambiwa palikuwa na rangi za mafuta na mitungi ya gesi katika kabati, kisha wakaambiwa kabati hilo lilikuwa tupu. Waliosahihishwa hivyo tu waliendelea kueleza moto ule kwa rangi na gesi ambazo walikwisha kuambiwa hazikuwepo. Waliopewa sababu nyingine iliyoweza kueleza moto waliachana na ile ya kwanza kwa urahisi zaidi. Mtu haachi wazo likabaki shimo. Mama wa Kondoa alikuwa na njia ya kuyaokoa magunia mawili. Ukiiondoa bila kumpa nyingine, jioni ataishika ileile, maana ndiyo pekee aliyo nayo. Kwa hiyo eleza: mahindi yamwagwe juu ya turubai mchana kweupe, mdomo na pua vikifunikwa kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi. Zitolewe punje zote zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kwani sumu hukusanyika zaidi kwenye punje za namna hiyo. Zinazobaki zikobolewe, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Zilizotolewa zifukiwe. Gunia ambalo ukungu umesambaa kote na linanuka uvundo halichambuliwi; hilo lote halifai.

Hapa litakuja pingamizi zito kuliko yote, na usilikwepe. Mtu atakuuliza: unamwambia afukie chakula wakati hana kingine, je, si afadhali angebaki na imani yake kuliko kulala na njaa? Hoja hiyo ina ukweli kwamba jibu lisilotekelezeka si msaada. Haina ukweli kwamba imani yake ingemlisha. Kuchemsha kungempa utulivu wa moyo huku sumu ikiwa ileile sahanini, na utulivu huo ungemzuia kufanya lile linaloweza kupunguza madhara. Jibu la haki linataja mipaka bila kuificha: kuchambua na kukoboa hupunguza sumu sana lakini hakuthibitishi kwamba imekwisha, kwa kuwa punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo. Kwa sababu hiyo mpe mpangilio wa hali ngumu. Chakula kisicho na shaka, kama mtama, uwele au muhogo uliokaushwa vizuri, waanze kupewa watoto wadogo na wajawazito. Mahindi yaliyochambuliwa yaliwe na wakubwa, yakibadilishana na vyakula vingine. Mtu akitapika, akiumwa tumbo, macho yakawa ya manjano au tumbo likavimba, aende kituo cha afya siku hiyohiyo na aseme amekula mahindi ya namna gani. Nawe chukua jukumu lako: toa taarifa wilayani ili sampuli zipimwe. Kiwango kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukitambua.

Ukimaliza swali la tatu, usidhani umemaliza dhana. Dhana isiyo sahihi hujipenyeza kwenye maswali mengine ambayo kwa nje yanaonekana mazima. Soma la tano tena. Anauliza pumba za mahindi yale awape kuku na ng'ombe kiasi gani, na swali la kiasi ni swali halali la kila mfugaji. Lakini limejengwa juu ya lile la tatu: anadhani sumu imekwisha kutoka, au kwamba mnyama haimdhuru. Zaidi ya hapo, ushauri wako mpya umelifanya kuwa la hatari kuliko lilivyokuwa alipoliandika. Umemwambia akoboe ili sumu iondoke na ganda. Ganda ndilo pumba. Ukijibu la tano kwa kipimo cha kawaida, umeitoa sumu kwenye chungu cha familia na kuirudisha kwa mlango wa zizi, kwani ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu yake huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili. Kuku nao hudhoofika, hupunguza kutaga, na bata hufa kwa kiasi kidogo zaidi. Dunia iliijua sumu hii kwanza kupitia ndege: mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu. Kwa hiyo la tano lina majibu mawili, na yote mawili yaandikwe. Pumba za mahindi mazima ni chakula kizuri, na mpe kipimo chake cha kawaida. Pumba za magunia yale mawili zifukiwe pamoja na punje mbovu. Huhitaji kurudia somo la chumvi na mchuzi, sema tu "kwa sababu niliyoeleza katika la tatu."

Kagua na la nne kwa jicho hilohilo. Mfuko usiopitisha hewa una tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Kila tabaka hufungwa peke yake: hewa ya juu ikamuliwe, mdomo usokotwe, ukunjwe na kufungwa kwa kamba imara, kisha tabaka linalofuata nalo vivyo hivyo. Wadudu walio ndani humaliza oksijeni na kufa. Kufungua kila wiki kunawarudishia pumzi, kwa hiyo mfuko ukae umefungwa walau mwezi mmoja tangu ulipojazwa, na mahindi ya kula karibuni yawekwe kando kwenye chombo kingine. Hayo yote ni majibu ya moja kwa moja. Lakini anayeamini kwamba sumu hutolewa na kitu fulani anaweza kuhamishia imani hiyo kwenye mfuko: kama moto hauitoi, basi pengine mfuko mpya utaitoa. Ongeza sentensi moja kwamba mfuko hulinda mahindi mazuri yabaki mazuri, na hauondoi sumu iliyokwisha kuingia, wala hauyasaidii mahindi mabichi, ambayo humo ndani yatavunda.

Swali la kwanza ndilo la kulipa nafasi kubwa kuliko yote, ingawa halina kosa. Mwaka ujao hatauliza la tatu ikiwa la kwanza limejibiwa vizuri. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo ambako kuvu inaishi. Yatandazwe kwa tabaka jembamba, yageuzwe mara kwa mara, yafunikwe jioni kabla umande haujashuka. Ukavu unaotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama hana kipimo, atumie chumvi: achukue chupa kavu yenye kifuniko, ajaze mahindi theluthi moja, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango na kupozwa, atikise kwa dakika moja, aiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Hapo mwelekeze aanike siku moja au mbili zaidi za jua kali, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 kuna nafasi ambayo chumvi haioni na kuvu inaiona.

Wengine watasema kwamba mama mtu mzima hasahihishwi na kijana wa ofisi, na kwamba heshima ingetaka jibu la mzunguko. Desturi yetu inajua kumkosoa mkubwa bila kumvunjia heshima: huanzia salamu, hutumia nafsi ya anayesema badala ya kumnyooshea kidole anayeambiwa, na humwachia nafasi ya kufanya uamuzi mwenyewe. Ndiyo maana jibu la mfano linasema "ninaoweza kukutajia" na si "umekosea". Lakini mzunguko una kikomo. Maneno kama "pengine si vizuri sana kutegemea kuchemsha peke yake" yana adabu na yana uongo, kwa sababu yanaacha ionekane kwamba kuchemsha kunasaidia kiasi fulani cha kutegemewa. Upole uwe katika salamu, katika kutambua fikra yake, na katika wingi wa msaada. Katika sentensi yenyewe ya rekebisho weka neno moja lisilo na njia mbili.

Mwisho, hakikisha limefika. Usimuulize kama ameelewa. Atasema ameelewa, kwa heshima yako. Mwombe akueleze atafanya nini na yale magunia mawili kesho asubuhi. Akisema atayamwaga kwenye turubai, atachambua, atakoboa, na pumba atazifukia, kazi imekwisha. Akisema atachambua kisha atachemsha saa tatu badala ya moja kwa usalama zaidi, dhana ya kwanza bado imo, imekaa juu ya ushauri wako. Usianze somo upya. Mwambie apike kwa muda uleule anaopika mahindi mazuri, asipoteze kuni, na nguvu zote azipeleke kwenye kuchambua.